Miaka mitano na miezi miwili: barua kwa timu yangu usiku wa kuamkia fainali

(Maneno haya niliyaandika Kigoma. Nahodha aliyasoma kwa sauti mbele ya timu huko Tabora, usiku wa kuamkia fainali ya mashindano ya mahakama ya mfano.)

Wanangu, hamjambo.

Nahodha, soma polepole, na aliyesimama akae kwanza. Mtafiti, funga kompyuta. Najua mlivyo saa hizi hapo sebuleni kwa gesti: mmoja yuko mlangoni anajisemea peke yake, mwingine anapanga karatasi ambazo alishazipanga tangu alasiri. Mimi nimebanwa huku Kigoma na kikao cha Mahakama Kuu. Shahidi wangu aliyetakiwa kumaliza jana kamaliza leo jioni, na treni haimngoji wakili. Kwa hiyo nitasema nanyi kwa karatasi.

Mchana kutwa mmenipigia kwa zamu. Msemaji wa kwanza anaogopa kusahau majina ya kesi. Msemaji wa pili anamwogopa yule jaji mama wa nusu fainali, aliyekuwa akiuliza swali huku kalamu ameiweka chini. Nimewasikiliza wote, na naona mnaogopa pasipostahili. Majina ya kesi yapo kwenye kitabu chenu cha rejea, na jaji ni jaji. Kinachoweza kutuangusha kesho ni tarehe moja tu, iliyo kwenye aya ya 21 ya kisa tulichotungiwa cha mashindano: 20 Oktoba 2017. Ndiyo siku mvuvi wetu alipofungua maombi yake Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha. Tukae hapo kwenye tarehe hiyo usiku huu.

Kisa mnakijua, lakini mkisikie tena kwa sauti ya nahodha, kwa sababu masikio hukamata kitu ambacho macho yamekizoea. Mvuvi wa dagaa amehukumiwa miaka thelathini kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Kwenye kesi ya msingi hakuwa na wakili. Kwenye rufaa ya mwisho alipewa mmoja, aya ya 14. Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa yake tarehe 14 Agosti 2012. Tarehe 1 Oktoba mwaka huo huo, yaani siku ya 48, akiwa bado ndani ya siku 60 za kanuni, akaomba marejeo, kwamba Mahakama ya Rufani iitazame upya hukumu yake yenyewe. Maombi hayo yakakaa hadi 3 Machi 2016, yakatupwa. Nakala ya uamuzi ikamfikia gerezani Januari 2017. Oktoba mwaka huo akaenda Arusha. Nchi yenyewe ilikuwa imeshaweka lile tamko la kuruhusu watu binafsi kuishtaki mwaka 2011, kwa hiyo hapo hakuna mlango wa kutorokea.

Sasa hesabu. Kutoka hukumu ya rufaa hadi Arusha ni miaka mitano na miezi miwili. Kutoka uamuzi wa marejeo ni mwaka mmoja na miezi saba. Ibara ya 56(6) ya Mkataba wa Afrika inataka maombi yaletwe ndani ya muda wa kuridhisha tangu njia za kisheria za ndani ya nchi zilipomalizika, na haisemi muda huo ni miezi mingapi. Aliyetunga kisa hakuchagua miaka mitano na miezi miwili kwa bahati nasibu. Alizisoma hukumu za Arusha, akatafuta mahali penye utelezi, akatuweka hapo.

Utelezi wenyewe uko hivi. Kwenye shauri la Christopher Jonas dhidi ya Tanzania, lililoamuliwa tarehe 28 Septemba 2017, Mahakama ilikubali miaka mitano na mwezi mmoja. Kwenye shauri la Godfred Anthony na mwenzake dhidi ya Tanzania, tarehe 26 Septemba 2019, ikakataa miaka mitano na miezi minne. Ninyi mko katikati. Wakili wa serikali atasimama aseme: kizingiti kiko hapo kati, na mleta maombi hakuthibitisha kwamba yuko upande unaofaa. Halafu jaji atawageukia ninyi: "Wakili, tofauti ya miezi mitatu ndiyo inayoamua haki ya mtu?"

Jumatano kwenye mazoezi msemaji wa pili alilijibu swali hili kwa kusema kwamba miezi miwili iko karibu zaidi na mwezi mmoja kuliko na minne. Hesabu ni sahihi, lakini hapo umeshakubali kwamba mchezo ni wa namba. Ukishakubali hivyo, jaji atakuuliza na miezi mitatu je, na siku kumi na tano je, mpaka kadi ya muda inyanyuliwe.

Dawa iko kwenye shauri la tatu, lile la Werema Wangoko Werema na mwenzake dhidi ya Tanzania, la tarehe 7 Desemba 2018. Pale ilipita miaka mitano na miezi mitano, mirefu kuliko ya Anthony, na Mahakama ilikubali. Mitano na mmoja imepita, mitano na minne imekwama, mitano na mitano imepita. Ziwekeni hizo tatu mbele ya jopo kwa mfuatano huo, mnyamaze kidogo, jopo litaona lenyewe kwamba hakuna kizingiti cha namba. Ndiyo maana nataka Werema itajwe mapema, kabla serikali haijachora mstari wake.

Kama namba haiamui, kinachoamua ni nini? Hapo ndipo kazi ilipo, na hapo ndipo timu nyingi hutaja maneno matatu, mfungwa, maskini, asiyejua sheria, zikadhani zimemaliza. Someni tena kilichomwangusha Anthony. Naye alikuwa mfungwa, naye alisema hana uwezo. Mahakama iliona kwamba hakusema wala kuthibitisha kuwa hajui kusoma, au hajui sheria, au hakujua kama Mahakama hiyo ipo. Ikaona pia kwamba mashauri ya ndani alikuwa na wakili, na kwamba hakuomba marejeo. Kwa hiyo gereza peke yake halitoshi. Jonas hakuwa na wakili, na hali yake ilielezwa. Kina Werema walikuwa wakisubiri marejeo yao, na Mahakama ikaona si haki kuwaadhibu kwa kungoja jibu la mlango walioubisha wenyewe.

Mvuvi wetu anafanana na nani? Anafanana nao wote watatu, na hilo mlikubali. Hakuwa na wakili kwenye kesi ya msingi, kama Jonas. Aliomba marejeo, kama kina Werema. Lakini alikuwa na wakili kwenye rufaa, kama Anthony. Hilo la tatu nimewaona mkilikwepa wiki nzima. Kwenye hoja zenu za maandishi limewekwa kwenye tanbihi, kama mgeni aliyefikia uani. Kesho litoeni ninyi, kabla hawajalitoa wao.

Nitawaonyesha linavyotoka. Jaji anasema: "Wakili, mteja wako alikuwa na wakili Mahakama ya Rufani. Kwa nini hakuja hapa 2013?" Neno la kwanza linalotoka kinywani ni "Ndiyo." Halitanguliwi na "Mheshimiwa, kabla ya kujibu hilo," wala lile la nusu fainali, "hilo nitalifikia." Jaji akiuliza umeshalifikia. Sema hivi:

"Ndiyo, Mheshimiwa Jaji, alikuwa na wakili, aya ya 14. Wakili huyo alipangiwa rufaa ile tu, na aya ya 16 inaonyesha kwamba maombi ya marejeo mteja wetu aliyaandika mwenyewe gerezani. Kwa hiyo tangu Agosti 2012 hakuwa na mtu wa kumshauri. Na mwaka 2013 alikuwa bado anasubiri jibu la Mahakama ya Rufani."

Basi. Sentensi nne. Umekubali cha kukubali, umempa jaji namba ya aya akaangalie mwenyewe, umemalizia kwenye jambo linalokusaidia. Ukiongeza ya tano utaanza kulalamikia mfumo wa magereza, na kisa hakisemi lolote juu ya mfumo wa magereza.

Sasa nije kwenye shimo ambalo hamjaliona. Nimelitafakari tangu Alhamisi, na nahodha, hapa soma mara mbili ikibidi.

Msemaji wa kwanza ana pingamizi la njia za ndani. Serikali inasema mvuvi hakuzimaliza, kwamba angefungua shauri la kikatiba Mahakama Kuu kudai haki zake za msingi. Jibu lenu ni shauri la Alex Thomas dhidi ya Tanzania, la tarehe 20 Novemba 2015, na ni jibu zuri. Mahakama ilisema kwamba katika mfumo ule shauri la kikatiba na maombi ya marejeo ni njia za ziada, mleta maombi halazimiki kuzipitia. Anayefika Mahakama ya Rufani, juu ya zote, amemaliza.

Kisha anasimama msemaji wa pili, anafika kwenye muda, na akiwa na hofu anasema: "Muda uanze kuhesabiwa tarehe 3 Machi 2016, marejeo yalipotupwa." Mwaka mmoja na miezi saba, nani atakataa? Atakataa jaji mwenye kumbukumbu ya dakika kumi. "Wakili, mwenzako ametuambia marejeo si njia inayotakiwa kumalizwa. Wewe unatuambia njia hazikumalizika mpaka marejeo yalipoamuliwa. Tumwamini nani?" Hapo timu moja ina vinywa viwili, na hakuna jibu zuri. Ukimwacha mwenzako, pingamizi la kwanza linarudi. Ukimfuata, muda wako umepotea, na umeupoteza mbele ya watu.

Kwa hiyo tunachagua usiku huu, na tunachagua hivi: saa inaanza tarehe 14 Agosti 2012. Miaka yote mitano na miezi miwili ni yetu, hatuikimbii hata siku moja. Marejeo hayasogezi mahali pa kuanzia. Marejeo ni sababu, yanaingia pale Mahakama inapopima kama muda huo ulikuwa wa kuridhisha. Hayo ni maswali mawili, la kwanza ni lini saa ilianza, la pili ni kwa nini ilikwenda hivyo. Alex Thomas anajibu la kwanza, Werema anajibu la pili, na hawagombani hata kidogo. Mleta maombi halazimiki kuomba marejeo, lakini akiyaomba kwa nia njema na ndani ya siku zake, haadhibiwi kwa kuyangoja.

Msemaji wa pili, andika kwenye karatasi yako ya kwanza, juu kabisa, kwa herufi kubwa: SAA INAANZA AGOSTI 2012. Jaji akikurushia Machi 2016 kama zawadi, usiipokee.

Kuna zawadi nyingine za kupokea, na hapa nina neno la nusu fainali. Mmezoea kudhani kila swali ni rungu. Yule jaji wa pembeni mwenye miwani aliuliza, kwa sauti ya upole kabisa, "Je, si kweli kwamba baada ya uamuzi wa marejeo mteja wenu alikaa miezi mingi bila nakala?" Alikuwa anawapa kamba. Msemaji wa pili akajibu, "Kwa heshima, Mheshimiwa, hilo silo suala," akaendelea na karatasi yake. Jaji akafunga kitabu. Swali la msaada lina dalili zake: mara nyingi linaanza na "je, si kweli" au "unamaanisha kwamba", lina jambo lililo kwenye kisa, na jambo hilo linawasaidia ninyi. Ukilisikia, neno ni lile lile, "Ndiyo, Mheshimiwa," halafu unalitumia.

Tena hilo la nakala ni kubwa kuliko mnavyolichukulia. Vunjeni ile miaka mitano vipande. Agosti hadi Oktoba 2012, siku 48, anaandaa marejeo. Oktoba 2012 hadi Machi 2016, anasubiri mahakama, miaka mitatu na miezi mitano. Machi 2016 hadi Januari 2017, anasubiri karatasi ambayo haikuwa mikononi mwake. Januari hadi Oktoba 2017, miezi tisa, anaandaa maombi ya Arusha bila wakili. Hiyo miezi tisa ndiyo peke yake inayohitaji kuelezwa kwa hali yake ya ufungwa na kutojua sheria. Kutetea miezi tisa ya mfungwa ni kazi inayofanyika, na jopo litaona hamkuificha miaka mingine, mmeipangia kila mmoja mahali pake. Mtafiti, vipande hivyo vinne uviandike usiku huu kwenye kadi moja, tarehe kushoto, aya ya kisa kulia, nakala mbili.

Swali jingine litakalokuja ni la ulinganisho. Jaji anayependa kuonyesha usomi atasema: Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyo Arusha hiyo hiyo, inampa mtu miezi miwili tu chini ya Ibara ya 30(2) ya Mkataba wa Jumuiya. Ulaya ilikuwa miezi sita, na tangu Februari 2022 ni minne. Sisi tuwe wakarimu kiasi hiki kwa nini? Msihutubie juu ya umaskini wa Afrika. Jibu ni la maandishi: waliotunga mikataba ile waliandika namba, waliotunga Ibara ya 56(6) waliandika "wa kuridhisha". Mahakama ilishasema tangu shauri la warithi wa Norbert Zongo dhidi ya Burkina Faso, mwaka 2013, kwamba kila shauri litapimwa kwa mazingira yake. Kuweka namba sasa ni kuandika upya Mkataba. Mnamaliza hapo, mnarudi kwa mvuvi.

Nalo la mvuvi mwenyewe. Msemaji wa kwanza, wewe ni mtoto wa Ujiji, na najua kinachokuwasha. Kisa kinasema wizi ulifanyika usiku wa mbalamwezi, na shahidi wa serikali anasema alimwona mshtakiwa akitoka ziwani na mtumbwi wa dagaa. Wewe na mimi tunajua kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza, taa ikiwaita, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hulala makwao. Umelileta hilo kila mazoezi, na kila mara wenzako wamecheka kwa kupendezwa. Ni hoja tamu, ningeipigania Mahakama Kuu hapa hadi jua lizame. Kesho iache gesti. Mahakama ya Afrika si mahakama ya rufaa. Ilisema hivyo kwenye shauri la Mtingwi dhidi ya Malawi, 2013, na serikali itafurahi sana ukianza kupima ushahidi, kwa sababu utakuwa umewapa pingamizi la tatu bure. Mnachokilalamikia ni kwamba mtu anayekabiliwa na miaka thelathini alisimama peke yake bila kupewa wakili na serikali. Hilo halihitaji mwezi.

Kama jaji ndiye atakayeuliza habari ya mbalamwezi, basi mjibu hivi: "Hatuiombi Mahakama ipime ushahidi huo. Tunasema wakili angeweza kumhoji shahidi juu yake, na mteja wetu hakuwa naye." Hapo mwezi umeingia kwa mlango halali, na mtoto wa Ujiji ameridhika.

Kuhusu nafuu tunazoomba sina maneno mengi. Msiombe aachiwe huru kana kwamba ni haki inayofuata yenyewe. Kwenye Alex Thomas Mahakama ilikataa kuamuru hivyo, ikasema ni kwa mazingira ya pekee tu. Iliiagiza nchi irekebishe ukiukwaji ndani ya muda unaofaa, si kwa kufungua upya utetezi wala kuanza kesi upya, na itoe taarifa ndani ya miezi sita. Ombeni hivyo hivyo. Na msiombe mamilioni ya fidia. Kwenye shauri la Minani Evarist dhidi ya Tanzania, 2018, kwa kunyimwa msaada wa kisheria Mahakama ilitoa shilingi 300,000. Jaji akiuliza "mnataka kiasi gani na kwa msingi upi", mwenye namba hiyo mdomoni anaonekana amesoma. Anayesema "milioni mia tano" anaonekana amekuja kujaribu.

Sasa usiku wenyewe. Msisome kesi mpya. Kesi mnayoisoma saa nne usiku hamtaijua saa tatu asubuhi, ila itawatoka mdomoni ikiwa imekosewa. Msemaji wa kwanza, mikono yako hutetemeka ukishika karatasi, na karatasi hutangaza mtetemo huo mpaka safu ya nyuma. Karatasi ziwe juu ya meza ya kusomea, mikono iwe kwenye kingo zake. Msemaji wa pili, wewe ukiogopa huongeza mwendo, na ishara yake ni kwamba unaacha kutaja namba za aya. Ukijisikia umesema hoja mbili bila kutaja aya, simama, meza mate, taja aya. Majaji watadhani unawapa nafasi ya kuandika.

Mtafiti, kiti chako kiwe upande wa kulia wa anayezungumza. Vikaratasi vya kumpelekea viwe na maneno yasiyozidi matano. Nusu fainali ulimpelekea aya nzima, akaisoma huku jaji anamtazama. Kikaratasi chema ni "Werema, 5 na 5" au "aya 16, mwenyewe".

Mwisho kuna zile dakika mbili za majibu, ambazo ni zetu kwa kuwa sisi ni waleta maombi. Wapinzani wakizungumza, nahodha aandike kila wanachokosea, na atapata kama mambo manane. Ayafute saba. Libaki lile ambalo, jopo likiliamini, tunashindwa. Kwa vyovyote nadhani litakuwa Anthony, kwamba mvuvi alikuwa na wakili na hivyo ni Anthony mtupu. Kama ndilo, jibu lina sehemu mbili tu: Anthony hakuomba marejeo, huyu aliomba siku ya 48, Anthony hakueleza hali yake, huyu ameieleza kwenye aya ya 16 na ya 19. Haifiki hata dakika moja. Ile nyingine msiijaze. Rais wa jopo akiuliza kama kuna la ziada, nahodha aseme "Hapana, Waheshimiwa," akae.

Na kama serikali haikumgusa Anthony kabisa, ikatumia muda wake wote kwenye shauri la kikatiba, nahodha asimame aseme kwamba mleta maombi hana majibu ya ziada, anayaacha mashauri mikononi mwa Mahakama. Najua itawauma kuziacha dakika mbili mezani, na mwalimu mwingine angewaambia mzitumie. Mimi ninawaambia mziache, kwa sababu nimekaa majopo ya namna hii na nimeona timu iliyoongoza ikisimama kujibu lisiloulizwa, ikamkumbusha jaji swali alilokuwa amelisahau.

Saa tatu asubuhi nitakuwa mbele ya jaji hapa Kigoma na simu imezimwa, kwa hiyo msinipigie. Mtafiti aandike kila swali litakaloulizwa, kwa maneno ya jaji mwenyewe na si kwa muhtasari, pamoja na jina la aliyejibu. Nitayataka hayo hata kabla ya matokeo, na jioni nikitoka mahakamani nianze kusoma swali la kwanza.

Mwalimu wenu,
Kigoma